Kibarua wa siku au mshahara wa mwezi, kipi kinalipa godauni?

Mbeba_Tandika: Wakuu, napakia mizigo godauni hapa Dar, deiwaka, 15,000 kwa siku. Naingia saa 2 asubuhi, natoka 12 jioni, katikati saa moja ya kula. Mzigo ukiwepo ni Jumatatu hadi Jumamosi, usipokuwepo nalala nyumbani. Sasa bosi anataka kuniandikia mkataba wa mwezi, 330,000. Mimi nikipiga siku 26 napata 390,000. Nisaini?

Mzee_wa_Kariakoo: Hizo siku 26 ulizipata mwezi gani? Zikiwa 20 ni 300,000, na ukiugua hata hiyo huioni.

DadaShani: Lakini 330,000 haifiki mkononi. NSSF inachukua 33,000, na kodi kidogo. Utabaki na kama 295,000. Mimi nimekataa mkataba kwa sababu Ijumaa nauza vitumbua, sitaki mtu wa kuniuliza niko wapi.

Mpiga_Hesabu: NSSF haijapotea, na mwajiri naye anaweka fungu lake. Ila mmeruka jambo kubwa. Saa 2 hadi 12 ukitoa ya kula ni saa 9. Kwa siku sita ni 54. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakomea 45 kwa wiki. Mabosi wengi wanakishika kikomo cha saa 9 kwa siku, cha wiki wanakisahau. Kwa hiyo kila wiki una saa 9 za ovataimu. Gawanya 330,000 kwa saa 195 za mwezi, yaani 45 mara wiki 4.333, unapata 1,692 kwa saa. Mara moja na nusu ni 2,538. Hizo saa 9 ni karibu 22,800 kwa wiki.

Chapakazi: Ovataimu si mara mbili? Halafu kibarua hana.

Mpiga_Hesabu: Mara mbili ni siku ya mapumziko na sikukuu. Kibarua anayo, akivuka saa hizo. Shida yake ni ushahidi: kalipwa mkononi, hajasaini popote, akifika CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ataonyesha nini? Andika muda wa kuingia na kutoka kila siku. Na kuachishwa: wa kutwa notisi yake ni siku 4, wa mwezi 28 akishapita mwezi wa kwanza.

Juma_Msa: Huku Kenya kibarua akipiga mwezi mfululizo, sheria inamhesabu wa mwezi. Mimi mjengoni nilikuwa naambiwa nipumzike wiki kisha nirudi, ili siku zikatike. Na nyinyi mnafanyiwa hivyo?

Mbeba_Tandika: Nimeusoma mkataba. Kipengele cha 6: "Mshahara huu unajumuisha kazi ya ziada." Nimwambie akifute, au niombe 400,000?

Mzee_wa_Kariakoo: Chukua 400,000, usianze kazi kwa ugomvi.

Mpiga_Hesabu: Akifute. Akikupa 400,000 na kipengele kikabaki, atakutoa saa 2 usiku kila siku na utakosa la kusema.