Mrejesho: Gari la umeme Morogoro, baada ya miezi minane

Niliuliza: "Ninaishi Morogoro, umeme unakatika mara kwa mara na sijaona kituo cha kuchajia. Je, nikinunua gari la umeme nitajuta?"

Nawashukuru sana wote mlionijibu. Nilinunua Nissan Leaf iliyotumika, yenye betri ya kilowati-saa 40, na kabla ya kulipa nilihesabu vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi kama mlivyonielekeza: vilikuwa 10 kati ya 12.

Kwa siku natembea kilomita 35 hivi, ambazo hula takriban kilowati-saa 6. Soketi ya nyumbani, kwa ampea 10, huzirudisha kwa muda usiozidi saa tatu, hivyo hata umeme ukikatika nusu ya usiku, asubuhi naondoka bila wasiwasi. Aliyenishauri nichaji kila jioni badala ya kusubiri betri iishe ndiye aliyeniokoa, kwani umeme ulipokosekana siku mbili mfululizo sikukwama.

Kosa langu lilikuwa kuanza na waya wa ekstensheni. Wiki ya pili plagi ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na tundu moja lilikuwa limebadilika rangi kuwa kahawia. Fundi alivuta laini ya peke yake ya milimita 4 yenye breka yake na ethi, na tangu hapo plagi haichemki.

Safari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 190, imeshindikana kwa betri hii. Huko bado naenda kwa basi.