Mrejesho: ratiba ya wiki ya dalali wa nyumba

Niliuliza: "Kuonyesha nyumba kunakula wiki yangu nzima. Kutafuta wateja, makaratasi na ufuatiliaji niviweke wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wenu wa kutenga asubuhi: saa 3 hadi saa 5 napiga simu za kutafuta wateja na wenye nyumba, sitoki. Kuonyesha nimekubana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mchana, nyumba za mtaa mmoja kwa mkupuo.

Kilichosaidia zaidi ni kumpigia mteja jioni ileile ya siku aliyoona nyumba. Mmoja aliondoka akisema "nitafikiria". Kumbe kilichomkwaza ni tarehe ya kuhamia tu, tukairekebisha.

Kuyapangia makaratasi siku ya Ijumaa kumenishinda, mkataba hausubiri Ijumaa. Sasa nayapa nusu saa kila jioni.