Kuhakiki mpira wa kulishia: kupuliza hewa, karatasi ya pH au eksirei?

Mkufunzi_Zamu
Habari zenu. Nafundisha wauguzi wa mwaka wa 2 kuweka mpira wa kulishia unaopita puani, na sasa naandika upya orodha yetu ya ukaguzi. Kuuweka wanajifunza haraka kwenye mdoli. Shida iko baada ya hapo: wanajuaje kwamba ncha iko tumboni na haikupotelea kwenye njia ya hewa? Orodha niliyoikuta ina njia nne, zimepangwa kana kwamba zina uzito sawa: kupuliza hewa na kusikiliza kwa stetoskopu, kuchovya mwisho wa mpira kwenye maji kutazama mapovu, kuvuta majimaji na kuyapima kwa karatasi ya pH, na eksirei. Mwanafunzi anatia tiki kwenye yoyote kisha analisha. Ninyi mnaoifanya kazi hii kila siku, mngebakiza ipi na mngefuta ipi?

Nesi_Mkongwe
Mwalimu, nina miaka 22 wodini na kupuliza hewa hakujanidanganya. Sauti ya tumbo inabubujika, ukishaizoea huikosi. Karatasi huisha, eksirei ina foleni, stetoskopu ninayo shingoni muda wote. Ya mapovu ifute, hiyo haina maana. Tumbo lenyewe lina gesi, na mpira uliogandana na ukuta wa njia ya hewa hautoi povu hata moja.

Mlinzi_wa_Mahututi
Shikamoo dada. Kwenye mapovu tuko pamoja, kwenye hewa nitakupinga kwa sababu niliponea chupuchupu.

Tulikuwa na mama aliyepata kiharusi, fahamu zimeshuka, ukimwita haitiki. Mpira wake ulichomoka usiku, mwenzangu akaweka mwingine na kuufunga plasta kwenye alama ya sentimita 56. Mama hakukohoa wala hakubadilika rangi, na oksijeni kwenye mashine ilibaki 96. Tukapuliza mililita 20 za hewa, tukasikiliza wawili, na wote tuliisikia safi kabisa juu ya tumbo. Tulipovuta majimaji, hakikutoka kitu. Mfuko wa chakula ulikwishaning'inizwa. Msimamizi wa zamu ndiye aliyekataa tusiufungue, kwa sababu hiyo moja tu: hatukupata majimaji. Picha ikaonyesha mpira umeshuka na tawi la kulia la njia ya hewa mpaka chini kabisa ya pafu.

Sauti ile tuliisikia kweli. Hewa ikitoka kwenye sehemu ya chini ya pafu, mlio wake unavuka kiwambo na kusikika tumboni, na mpira ulioishia kwenye umio unatoa mlio huohuo. Dada, miaka 22 hujadanganywa kwa sababu mara nyingi mpira huwa tumboni kweli, kwa hiyo sauti inaonekana kupatia. Inakosea siku ile mpira umepotea, na hiyo ndiyo siku uliyokuwa unakihitaji kipimo. Uingereza, wakala wao wa usalama wa wagonjwa aliwaambia wahudumu waache njia hiyo mwaka 2005.

Na mwalimu, jambo la kukohoa lisisitize sana. Wanafunzi huamini mpira ukiingia njia ya hewa mgonjwa atapaliwa waziwazi. Mwenye fahamu zilizoshuka hupaliwa kimya.

Dogo_Stashahada
Mbona jibu ni rahisi? Sisi tumefundishwa pH ikiwa 5.5 au chini unalisha, ikizidi unautoa mpira na kuweka mwingine. Eksirei haina haja.

Mlinzi_wa_Mahututi
Dogo, nusu ya kwanza ni sawa, nusu ya pili itawatesa wagonjwa bure. pH ya 6 haisemi mpira uko pafuni. Inasema hujui. Huenda mgonjwa anatumia omeprazoli, huenda amelishwa muda mfupi uliopita na chakula kimepunguza asidi. Ukiwa umelisha, subiri walau saa moja ndipo upime.

Na ukikosa majimaji, usikimbilie kuchomoa. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, kama hali yake inaruhusu, ili majimaji yakusanyike panapofikiwa na ncha. Kwa mtu mzima, puliza mililita 10 hadi 20 za hewa kwa sirinji kubwa ya 60. Hapo husikilizi chochote, unaibandua tu ncha kutoka kwenye ukuta wa tumbo. Vuta polepole. Ukikosa, msafishe kinywa, subiri dakika 15 hadi 30, vuta tena. Unaweza pia kuusogeza mpira ndani au nje kidogo. Kwangu mimi, wengi waliokuwa "wakavu" hutoa majimaji baada ya kugeuzwa na kusubiriwa.

Kosa ambalo sitaki kuliona ni mtu kupitisha maji "ili kuzibua" kabla hajahakikisha. Kwanza, kama ncha iko pafuni umeshamwaga maji pafuni. Pili, baadhi ya mipira ina utelezi unaoamshwa na maji, na maji hayo yakichanganyika na utelezi huo yakarudi kwenye sirinji, yanaweza kusomeka kama asidi. Utapata 5 safi kwenye karatasi na mpira uko pafuni.

Dogo_Stashahada
Hilo la utelezi sikulijua, asante kaka. Na karatasi ya litmasi je? Chuoni tunazo nyingi.

Mlinzi_wa_Mahututi
Usizitumie kwa kazi hii. Litmasi inakuambia kuna asidi bila kukuambia ni kiasi gani, na uamuzi wako wote uko kwenye kiasi. Hata karatasi yenye namba ina utata kati ya 5 na 6, rangi zinakaribiana. Hapo mwite mwenzako asome bila kumwambia wewe umeona ngapi.

Mlezi_wa_Baba
Samahani kama nimeingilia. Mimi si nesi, namuuguza baba nyumbani, ana mpira huohuo. Asubuhi nimekuta alama iliyokuwa puani imesogea nje kama vidole vitatu. Naweza kuurudisha nikaendelea? Na baada ya kula huwa namlaza chali apumzike, ni sawa?

Nesi_Mkongwe
Mwanangu, usiusukume na usimpe kitu, hata dawa wala maji. Ncha ikipanda kutoka tumboni inaweza kuwa imeishia kwenye umio, chakula kikapanda kooni na kuteremkia mapafuni. Ukiusukuma mwenyewe huoni unakoelekea. Mpigie sasa hivi nesi anayemfuatilia aje ahakikishe. Kama tangu jana anahema kwa shida, ana mkoromo wa majimaji kifuani, homa au midomo imebadilika rangi, usingoje mtu, mpeleke.

Kumlaza chali acha kuanzia leo. Kichwa na kifua viinuke nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha, akae hivyo hivyo dakika 30 hadi 60 baadaye. Mto mmoja chini ya kichwa hautoshi, unakunja shingo tu. Inua kuanzia mgongo.

Mlezi_wa_Baba
Asante mama. Nimeshampigia, anakuja. Sijampa kitu.

Fundi_wa_Picha
Niongeze upande wangu, maana hapa eksirei imetajwa kama hakimu wa mwisho. Ni kweli, ila hakimu huyo akisomwa vibaya madhara yake ni makubwa, kwa sababu baada ya picha hakuna anayeuliza tena. Nimewahi kuona picha ya jana ikitumika kuruhusu mpira uliowekwa leo.

Mwanafunzi asijifunze kusema "eksirei imefanyika". Aulize: picha ni ya mgonjwa huyu, na imepigwa baada ya mpira huu kuwekwa? Kisha anayesoma afuate mpira kutoka juu. Je, unashuka na njia ya umio bila kukunja kufuata tawi la pafu? Unapita katikati ya panda ya njia ya hewa? Unavuka kiwambo katikati? Ncha inaonekana chini ya kiwambo upande wa kushoto? Likikosa jibu hata swali moja, halishwi. Tena picha inasema mpira ulikuwa wapi dakika ile. Mgonjwa akitapika saa moja baadaye, picha imepitwa.

Mkufunzi_Zamu
Hapo ndipo ninapokwama. Tuseme mgonjwa wa omeprazoli, picha imethibitisha, lakini pH yake kila mara ni 6. Analishwa mara sita kwa siku. Siwezi kumpiga picha sita.

Mlinzi_wa_Mahututi
Huwezi, na haitakiwi. Siku ya picha andika vitu viwili: alama ya sentimita puani na pH ya saa ile. Hivyo ndivyo vipimo vyake. Kabla ya kila mlo linganisha. Kama alama ni ileile, plasta haijalegea, mpira haujajikunja nyuma ya koo ukimulika kinywani, hajatapika wala kukohoa kwa nguvu, na pH ni ileile 6, kuna sababu ya kuamini haujasogea. Ila uamuzi huo uandikwe na daktari au nesi mwandamizi, usiachiwe mwanafunzi. Jaribu pia kupima kabla ya dozi inayofuata ya omeprazoli, wakati mwingine asidi huwa imerudi kidogo. Kimoja kikibadilika, unaanza upya.

Nikiri pia upungufu wa pH yenyewe. Asidi ikipanda kwenye umio, mpira ulioishia umio unaweza kusoma 4. Ndiyo maana sentimita na pH huendi na moja ukaacha nyingine.

Mkufunzi_Zamu
Nimefuta hewa na mapovu. Rasimu, ikiwa maswali ambayo mwanafunzi ataniambia kwa sauti kabla ya kugusa mfuko:

- Umepima kutoka puani hadi ndewe ya sikio hadi ncha ya chini ya mfupa wa kidari, na alama puani ni ngapi?
- Umevuta majimaji bila kupitisha maji kwanza? pH ngapi, na kama iko kati ya 5 na 6, nani mwingine amesoma?
- Kama hukupata, au imezidi 5.5: umemgeuza, umesubiri, umejaribu tena? Bado? Basi eksirei, na nani ameisoma?
- Mgonjwa ameinuliwa nyuzi 30 au zaidi, na atabaki hivyo mpaka saa ngapi?
- Ni kitu gani kitakufanya usimamishe katikati?

La mwisho nataka alijibu kwa kumtazama mgonjwa: kikohozi, kuhema, oksijeni kushuka, kutapika, alama kusogea.

Nesi_Mkongwe
Umesahau kupima masalio ya chakula tumboni kila saa 4. Sisi yakizidi tunasimamisha.

Mlinzi_wa_Mahututi
Hilo lina ubishi, dada. Mwongozo wa Marekani wa 2016 kwa wagonjwa mahututi unasema yasipimwe kama desturi, na wanaoyapima wasisimamishe chakula chini ya mililita 500 kama hakuna dalili nyingine. Lakini wodi nyingi bado zinapima, na kwa aliyevimba tumbo au anayetapika hata mimi ningetazama.

Mkufunzi_Zamu
Nitaliacha nje ya orodha kwanza, niwaulize madaktari wetu.

Nesi_Mkongwe
Sawa. Stetoskopu nimeiweka chini, mmenibana. Ila nijibuni hili: saa 8 usiku, karatasi zimeisha, eksirei mpaka asubuhi, na mgonjwa wa kisukari ameshachomwa insulini ya mlo huo. Nafanyaje?

Mlinzi_wa_Mahututi
Hulishi. Unampigia daktari papo hapo, sukari inapimwa, na ikihitajika anapewa glukosi kwenye mshipa huku ikifuatiliwa mpaka mpira uhakikiwe. Kisha orodha ya mwalimu ibadilike: insulini ya mlo isichomwe kabla mpira haujahakikiwa.

Nesi_Mkongwe
Hiyo andika ya kwanza kabisa, mwalimu. Kwetu insulini hutangulia kila siku.