Duka, cherehani au biashara ya oda: ipi itatupotezea kidogo tukilazimika kufunga?

Baba Wawili
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulinganisha njia 3. Sitataja fedha zenyewe. Chukulieni kwamba akiba yetu yote ni sehemu 120, na matumizi ya nyumbani hula sehemu 8 kila mwezi. Mke wangu na mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, wanaogopa biashara, kwa kuwa mzee wetu aliwahi kupoteza akiba yote dukani. Wamenikubalia kwa sharti moja, kwamba nikishindwa nyumba isiyumbe.

Njia ya kwanza ni duka la vifaa vya shule na ofisi, litakalohitaji sehemu 48: bidhaa 32, rafu na kaunta 7, kodi ya miezi 3 kwa mkupuo 6, leseni na gharama ndogondogo 3. Ya pili ni ushonaji wa nyumbani kwa sehemu 26, kwa sababu mke wangu ana ufundi huo. Ya tatu ni kuchukua oda za samani, kupokea malipo ya awali na kuwapa mafundi kazi, ambayo inahitaji sehemu 10 tu. Mimi naiona hii ya mwisho kuwa salama kuliko zote.

Haraka Haraka
Mbona jambo ni jepesi? Chukua mkopo, akiba uiache ilipo. Biashara ikifa, akiba yenu itakuwa haijaguswa.

Mzee wa Mizani
Baba Wawili, umepanga njia zako kwa ukubwa wa mtaji, ilhali familia yako inauliza jambo jingine: siku ya kufunga, kitarudi kiasi gani? Tulipime duka kwa swali hilo.

Tuseme katika kila mauzo ya sehemu 10 unabaki na faida ghafi ya 2, na kila mwezi kodi inachukua 2 na gharama nyingine 1. Ili usipate hasara unahitaji mauzo ya sehemu 15 kwa mwezi, kabla hata hujajilipa chochote. Sasa tuseme unauza 10 tu. Miezi 3 ya kwanza itakudanganya, kwa kuwa kodi ulikwisha kuilipa. Utaona faida ya 2, utatoa gharama ya 1, na droo itaongezeka sehemu 1 kila mwezi, nawe utawaambia nyumbani kwamba mambo yanakwenda. Mwezi wa 4 kodi ikianza kutoka mfukoni, droo itapungua sehemu 1 kila mwezi, na mwisho wa mwezi wa 6 utakuwa umerudi pale pale, na mali ya sehemu 32 kwa bei ya kununulia.

Hapo ukifunga, nusu ya mali ambayo ni daftari, kalamu na karatasi zinazotoka kila siku utaiuza kwa karibu bei uliyonunulia, tuseme 15 kati ya 16. Nusu ya pili, ile iliyolala rafuni, utaiachia kwa 8. Rafu zitarudisha 3. Jumla ni 26 kati ya 48, kwa hiyo umepoteza 22. Mweleze mama kwa lugha ya nyumbani: tukishindwa tutapoteza matumizi ya karibu miezi 3. Hofu yenye kipimo inazungumzika.

Ushonaji sijaufanya, nawaachia wenyewe. Ila hiyo biashara ya oda unayoiita salama ndiyo ningeiogopa kwanza. Duka haliwezi kukupotezea zaidi ya ulichoweka, mradi hukukopa mali. Kwenye oda unashika fedha za watu. Fundi akichelewa au akiharibu mbao za wateja 5 walioleta malipo ya awali, utadaiwa kurudisha vyote, hata kama mtaji wako ulikuwa 10. Hasara yake haina sakafu.

Na kwa Haraka Haraka, una hoja nusu. Ni kweli mkopo huacha fedha mkononi, lakini mkopeshaji atataka dhamana. Dhamana ikiwa nyumba au akiba ile ile, umeiweka hatarini pamoja na riba juu yake, na marejesho yataanza kabla duka halijakomaa.

Mama Daftari
Samahani kaka, kumficha mkeo jambo la fedha si vizuri hata kidogo. Atakuja kujua tu, na siku hiyo hasara ya duka itakuwa ndogo kuliko hasara ya ndoa. Mwambie leo.

Baba Wawili
Dada yangu, hajafichwa. Amekaa hapa pembeni anasoma.

Sindano Moja
Nimeshona nyumbani miaka 9, kwa hiyo naweza kusema. Ukinunua cherehani 2 kwa sehemu 14 na mashine ya kupiga ovaloki kwa 8, kisha 4 za pasi, meza na nyuzi, ukaja kufunga baada ya miezi 6, mashine zilizotunzwa hurudisha kama 13. Unapoteza nusu, lakini nusu ya mtaji mdogo, na kitambaa kwa kawaida huleta mteja mwenyewe, kwa hiyo mali hailali.

Hatari yake iko kwingine. Mwaka wa pili niliumwa mkono kwa wiki 5, na kwa wiki 5 hakukuwa na kipato hata kidogo, huku nguo za watu zikinitazama. Halafu kuna kitambaa kilichokatwa vibaya, ambacho unakilipa wewe. Na swali ambalo sijaona likiulizwa hapa: mke wa Baba Wawili akishona saa 8 kwa siku, kazi zake za sasa nyumbani atazifanya nani? Mnasema mnapunguza hatari, kumbe mnaihamisha kutoka kwenye akiba na kumwekea yeye mabegani.

Mzee wa Mizani
Hilo sikuliona, dada, na ni kubwa. Nitaongeza moja tu. Akiba ya 120, mkitenga matumizi ya miezi 6 ambayo ni 48, mnabaki na 72. Duka likichukua 48, kuna 24 zinazobaki, na hizo ndizo zitakazowaponza, kwa sababu duka linapoyumba mwenye duka huchota huko akiamini kwamba mzigo mmoja mpya utalifufua. Andikeni kabla ya kufungua: mwisho wa kila mwezi tutahesabu mali kwa bei ya kununulia, tuongeze fedha za droo, na jumla ikishuka chini ya 27 tunafunga. Madeni ya wateja msiyahesabu. Na kitakachochukuliwa dukani kwa matumizi ya nyumbani, hata kalamu moja ya mtoto, kiandikwe. Wengi hula mtaji bila kujua wanaula.

Haraka Haraka
Miezi 6 ya matumizi imelala tu? Mimi ningetenga 3.

Baba Wawili
Nimewasomea nyumbani. Mama amesema miezi 6 ni michache. Jambo lililonishangaza ni kwamba hofu yake kubwa haikuwa kupoteza fedha. Ni wadai kugonga mlango, kama walivyogonga wakati ule, kwa hiyo biashara ya oda tumeifuta. Mke wangu hataki kushona kwa saa 8. Anasema labda 3, na kwa cherehani moja. Mimi nafikiria kuanza na bidhaa za sehemu 8 nikiuza bila kupanga chumba kwa miezi 2, ili nione zipi zinatoka na zipi zinalala. Tumekwama kwenye jambo moja: daftari la kila mwezi alishike nani? Mimi nasema mimi, kwa kuwa ndiye nitakayekuwa nauza. Mke wangu anasema kwa sababu hiyo hiyo lisiwe mikononi mwangu.