Naomba ushauri: mavazi ya falme mbili, watazamaji wanachanganya askari na jemadari

KoroshoMbichi: Wakuu, habari za jioni. Nashughulikia mavazi ya igizo la dunia ya kubuni, tutalionyesha usiku ukumbini hapa Mtwara. Watu wa Pwani wamevaa bluu iliyokoza, Watu wa Mwamba wamevaa nyekundu iliyokoza. Kila upande una askari watano, jemadari na mtawala. Kwenye mazoezi, waliokaa nyuma, kama mita 12 hivi, hawakujua nani wa upande gani. Na mikanda ya dhahabu ya majemadari haikuonekana kabisa. Taa ni za njano. Nianzie wapi kurekebisha?

SareZaHarusi: Rangi zipo nyingi madukani, mwaka huu watu wanapenda pichi na kijani cha mgomba. Wasimamizi wavae moja, kamati nyingine.

KoroshoMbichi: Dada yangu, hili ni igizo, si harusi 😅

Fundi wa Chikongola: Mkuu, hizo nguo zako zote mbili ni za giza. Chini ya taa ya njano bluu iliyokoza inazama mpaka inafanana na nyeusi, na nyekundu yako haiko mbali nayo. Simamisha askari mmoja wa kila upande jukwaani, washa taa zilezile, piga picha kwa simu kutoka kiti cha mwisho, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Wakitoka kijivu kimoja, mtazamaji hawezi kuwatenganisha haraka, hasa kwenye mapigano watu wakikimbia.

Fanya upande mmoja wa mwanga na mwingine wa giza. Pwani wavae marekani isiyopakwa rangi, Mwamba wavae kaniki. Bluu na nyekundu ulizonazo zikate vilemba, ziwe karibu na uso, maana macho ya mtazamaji yanamfuata anayesema.

MtaniWaJangwani: Kwa hiyo Pwani wapake njano kabisa, uchemshe marekani na manjano ya sokoni, rahisi. Na mtawala mpe zambarau, hata Warumi zambarau ilikuwa ya wakubwa.

Fundi wa Chikongola: Zambarau Roma ni kweli, lakini chini ya hizo taa itaonekana kahawia. Cha kuiga kwa Warumi ni upana: seneta alivaa kanzu yenye mstari mpana, wa tabaka la chini yake mstari mwembamba, rangi ileile. Mkanda wa dhahabu kiunoni unafichwa na mikono kila mtu akisogea, ndiyo maana wako ulipotea. Peleka cheo mabegani.

Askari asiwe na utepe. Jemadari awe na utepe wa vidole vinne kutoka bega hadi bega, na nguo imfike katikati ya muundi, ya askari iishie magotini. Mtawala avae joho mpaka kifundoni, pindo lenye upana wa shibiri moja. Ukimpa jemadari vidole vitatu na msaidizi wake viwili, kwa mita 12 hiyo tofauti haipo. Kila cheo kiwe angalau mara mbili ya kilicho chini yake. Kwa joho weka mita nne, kwa askari mbili na nusu zinatosha.

Kitambaa kinachong'aa kiwe cha mtawala peke yake. Kikiwa kwa watu wengi, jicho halijui limtazame nani.

Bi Shangani: Manjano yasiguse nguo hizo. Ikifuliwa kwa sabuni inageuka nyekundu-nyekundu, na juani inapauka. Wiki ya pili askari wa Pwani anafanana na adui. Halafu mwanangu, njano upande mmoja, vilemba vyekundu upande wa pili, ukumbi mzima utaona Yanga na Simba. Watashangilia kabla hata jemadari hajafungua mdomo.

MtaniWaJangwani: Hapo mama umenifunga 😂

Bi Shangani: Na kaniki tupu, bila kitu kingine, wengi watadhani ni waganga. Mwamba wape pembe tatu kubwa ya gunia la korosho kifuani, ncha chini. Pwani wape ukosi wa duara wa ukili. Hata taa ikizimika nusu, umbo linabaki.

KoroshoMbichi: Shukrani sana. Nimebakiza mmoja: mpelelezi wa Mwamba anayejifanya mtu wa Pwani. Mtazamaji ajue, wahusika wasijue. Nimvalisheje?

Fundi wa Chikongola: Marekani kamili, lakini ndani ya mikono ashonewe kaniki. Akiinua mkono, watu wanaona.

Bi Shangani: Sikubali. Atainua mkono mara ngapi? Mimi ningemwachia ukosi wa ukili uliokatwa ncha mbele, uonekane muda wote.

Fundi wa Chikongola: Ukionekana muda wote, jemadari wa Pwani ataonekana mjinga kutouona. Jaribu zote mbili, mkuu, ukae kiti cha nyuma.