Naomba ushauri: utenzi wangu wa Pepo wa Ruzizi umekwama Mwami anapojibu

Bandugu, niko Bukavu. Ninatunga utenzi kuhusu Mwami aliyeziba mto Ruzizi kwa mitego ili samaki wote wawe wake, hadi pepo wa mto akatoka kumuuliza. Kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vinapatana kina, cha nne kinabeba -ma mpaka mwisho wa utenzi:

Mwami akaziba mto,
Asibakize kijito,
Njaa ikashika moto,
Vijiji vikalalama.

Pepo akatoka chini:
«Mwami, unataka nini?
Mali yote mkononi,
Na watu wako wahama!»

Hapo ninaridhika. Shida ni jibu la Mwami. Niliandika «Akasema: mto ni wangu», nikahesabu tisa, kwa sababu «m» ya mto ni silabi kamili. Nikikata ya mbele, «Kasema: mto ni wangu», zinatimia nane. Watunzi wa tenzi hukata hivyo tangu zamani, lakini wanafunzi watakaoughani hapa hawasemi «kasema», na naogopa watarudisha ile «a» na kuvunja mapigo. Njia nyingine ni kuacha kitenzi kabisa: «Pepo, huu mto wangu!» Nane kamili, na hasira ya Mwami inasikika zaidi, ila msikilizaji asiyeona alama za usemi anaweza kudhani pepo bado anaongea, ingawa ametajwa kwa jina.

Ninyi mngechagua ipi? Na je, ubeti mzima wa Mwami ungetosha kumtambulisha bila «kasema»?