Naomba ushauri: swali la dodoso kwa wavuvi wa Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Rasimu ya dodoso letu la wavuvi ina swali hili: “Je, hukubali kwamba bandari imepunguza samaki na kipato chako?” “Hukubali” linamvuta mtu aseme ndiyo, na wengi huitika kwa heshima tu. Tena akijibu ndiyo, hatujui ni samaki, kipato au vyote. Samaki wanaweza kupungua, bei ikapanda, kipato kikabaki pale pale.

Nimeligawa hivi: “Ukilinganisha na kaskazi iliyopita, samaki unaopata kwa safari moja wameongezeka, wamepungua au ni vile vile?” Kaskazi kwa kaskazi, maana kusi bahari huchafuka. Kipato nakiuliza peke yake, kwa maneno yayo hayo. Kisha: “Kama kuna mabadiliko, unadhani yametokana na nini?” Bandari sijaitaja, asije akaipachika kila jibu.

Tutalijaribu kwa wavuvi watano, kila mmoja alirudie swali kwa maneno yake. Akitaja mambo mawili, bado halijakaa sawa.

Naomba msaada hapa: swali la bandari lenyewe niliweke mwisho, au jibu la sababu latosha? Na “safari moja” itaeleweka sawa kwa wa mtego na wa jarife?